Watoto tisini na sita, ubao mmoja

Chuoni hakuna anayeshangaa kuona watoto arobaini wamekaa juu ya mkeka mmoja, huyu akiwa bado kwenye herufi, yule anaunganisha irabu, mwenziwe yumo katika Juzuu Amma. Kila mmoja hudurusu mahali pake, kisha huitwa mbele ya mwalimu asikilizwe, na aliyetangulia humsomesha aliyechelewa. Watoto hao hao wakivaa sare na kwenda shule, hukuta utaratibu mwingine: wote wako darasa la tatu, wote wamefungua ukurasa mmoja, wote wanaitikia kwa sauti moja. Na sauti moja huficha mengi. Asiyejua kusoma huchelewa nukta tu nyuma ya wenzake, na mwalimu hawezi kumsikia.

Hatusemi hivi kwa kuwalaumu walimu. Tuchukue mfano wa darasa la watoto 96, lenye mwalimu mmoja na vitabu 16 vya kiada. Hatua ya kwanza haihitaji fedha, bali karatasi moja yenye silabi kumi, maneno kumi, aya nyepesi na hadithi fupi. Upimaji wa namna hii ulienezwa na shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, na huku kwetu Uwezo wameutumia kupima watoto majumbani.

Mwalimu humwita mtoto mmoja mmoja na kumwanzishia katika aya. Akiisoma kwa ufasaha, bila kuzidisha makosa matatu, hupewa hadithi. Akishindwa, hurudishwa kwenye maneno, achague matano. Akipata manne, hapo ndipo alipo. Akishindwa tena, hujaribiwa kwa silabi. Kwa dakika mbili kila mtoto, kazi nzima huchukua saa tatu na dakika kumi na mbili, ambazo zaweza kugawanywa katika siku tano.

Tuseme matokeo ni haya: watoto 22 wako kwenye silabi, 30 kwenye maneno, 26 kwenye aya na 18 kwenye hadithi. Sasa vitabu 16, ambavyo havikutosha darasa, vinatosha. Tisa huenda kwa wasomaji wa hadithi, wawili wawili, na saba kwa kundi la aya, wanne wanne au pungufu. Kundi la maneno hutumia ubao. Wa silabi hawana haja ya kitabu kabisa. Wao hupewa kadi zilizokatwa katika maboksi ya dukani, zilizoandikwa ba, be, bi, bo, bu na wenzao. Mtoto huziweka mbili pamoja, akapata bibi, babu, baba, akasema peke yake, kisha akaandika kwa kidole mchangani.

Katika kipindi cha dakika arobaini, kumi za mwanzo ni za wote: mwalimu husoma hadithi na kuuliza maswali, ili asiyejua kusoma naye ashiriki kwa masikio na ulimi. Dakika 25 zinazofuata ni za makundi, na tano za mwisho ni za kukagua. Hapa ndipo walimu wengi huteleza. Wasomaji wazuri wanapendeza kusikiliza, basi mwalimu huketi nao, na wale 22 wakaachiwa kadi zao. Inapasa iwe kinyume: mwalimu aketi dakika 15 na wa silabi kila siku, na zile kumi azizungushe kwa makundi mengine. Kiongozi wa kundi, ambaye ni mtoto kama wao, kazi yake ni kusikiliza na kugawa kadi. Kufundisha jambo jipya si mzigo wake.

Hitilafu nyingine ni kundi kugeuka jina la mtu. Karatasi ile irudiwe kila baada ya wiki nne, na anayepanda ahamishwe siku hiyo hiyo. Majina yale yale yakibaki kwenye silabi mara mbili mfululizo, kuna kasoro mahali: pengine ni mafundisho, na pengine ni macho au masikio ya mtoto, ambayo mara nyingi hakuna aliyeyapima.

Mpango huu una mipaka yake. Kundi la watoto 30 bado ni kubwa, kelele huzidi hata kundi moja lihamie chini ya mwembe, na mtihani wa muhula hautamngoja aliye kwenye silabi.

Wazazi wenzetu, nyumbani tusidanganyike na ukurasa ambao mtoto ameshaukariri. Tuweke kidole kwenye neno la katikati ya mstari, tumwambie alisome hilo tu. Akianza kunong'ona mstari tangu mwanzo mpaka alifikie, basi anakumbuka, hasomi. Tukifika shuleni, badala ya kuuliza mwanetu amekuwa wa ngapi, tumuulize mwalimu: yuko kwenye maneno, au ameshaingia kwenye aya?