Kurahisisha Nembo ya Shule kwa Ajili ya Kutarizi: Mfano wa Matao ya Kilwa

Kupunguza ukubwa wa nembo na kuirahisisha ni kazi mbili tofauti. Mchoro ukipunguzwa, kila mstari hupungua. Unene wa uzi haubadiliki. Uzi wa kawaida wa mashine ya kutarizi una unene wa takriban milimita 0.4, na kipimo hicho ndicho kinachoamua ni kipi kitakachoonekana juu ya mfuko wa shati.

Chukuliwe mfano wa nembo ya shule ya pwani ya Lindi, iliyochorwa ukutani na kwenye barua kwa upana wa sentimita 21, ikionyesha matao ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Mfukoni inatakiwa kuwa na upana wa sentimita 7, yaani theluthi moja. Mistari ya mawe ya matumbawe, yenye milimita 1, hubaki milimita 0.33, pungufu ya uzi mmoja, hiyo huondolewa. Herufi za kaulimbiu, zenye kimo cha milimita 9, hubaki 3. Katika kimo hicho matundu ya herufi kama a na e huziba, kwa kuwa herufi huhitaji takriban milimita 5 ili isomeke. Kaulimbiu huachwa, na jina la shule likapewa nafasi yake.

Matao yanahitaji uamuzi mgumu zaidi. Mchoro una matao tisa katika upana wa milimita 90. Baada ya kupunguzwa, kila uwazi hubaki na milimita 2, sawa na nyuzi tano tu. Ncha ya juu ya tao haiwezi kujengwa kwa nyuzi hizo. Huviringika, na tao la Kilwa likafanana na dirisha lolote. Kwa hiyo idadi ndiyo inayotolewa ili umbo libaki. Matao matatu yenye uwazi wa milimita 6, pamoja na nguzo nne za milimita 3, hujaza milimita 30 zilezile, na ncha huonekana.

Hata hivyo, uzi hukivuta kitambaa kuelekea upande unakolala. Nguzo iliyoshonwa kwa mishono ya kukingama hutoka nyembamba kuliko ilivyochorwa. Kwa sababu hiyo huchorwa milimita 3.3 ili ipatikane 3, na huanza kwa mishono michache ya chini inayokishikiza kitambaa kwenye kiegemeo chake.

Uthibitisho hupatikana kwa kushona sampuli kwenye kitambaa kilekile cha sare, kisha kuipima kwa rula baada ya kuitoa kwenye fremu. Ikiwa nguzo imepungua zaidi, nyongeza huongezwa. Ikiwa kitambaa kimejikunja pembezoni, mishono imesongamana. Mwisho, sampuli hutazamwa kwa umbali wa hatua mbili: kisichotambulika hapo hakistahili uzi.