Herufi moja, nafsi mbili: kuandika Chimiini juu ya sauti

Chimiini ni lugha ya Kibantu ya mji wa Barawa, kusini mwa Somalia, na ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwatawanya wasemaji wake hadi Mombasa, Uingereza na Marekani, na huko watoto wengi wanakua na lugha nyingine. Ndiyo maana wanaisimu na Wabarawa wenyewe wamekuwa wakirekodi wazee.

Rekodi peke yake haimsaidii sana atakayeisikiliza baada ya wasemaji kwisha. Inahitaji maandishi yaliyofungwa kwenye muda wa sauti. Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo ni ELAN ya Taasisi ya Max Planck ya Saikolinguistiki, iliyoko Nijmegen, Uholanzi. Hutolewa bure. Juu huonyesha mawimbi ya sauti, na chini yake safu za maandishi.

Tuchukue usemi mmoja mfupi: *somele chibuukú*, yaani "ulisoma kitabu". Kwanza unasikiliza, unaweka alama pale usemi unapoanza na pale unapoishia, kisha unaandika ulichosikia. Safu hii ya kwanza, ya usemi, ndiyo mzazi, na ndiyo pekee inayoshika muda wake yenyewe, kwa milisekunde. Safu nyingine zote huning'inia chini yake:

```
usemi     somele chibuukú
maneno    somele            chibuukú
mofimu    ∅-   som-  ele    chi-  buuku
glosi     N2U- soma- PIT    NG7-  kitabu
tafsiri   Ulisoma kitabu.
```

Hapa N2U ni nafsi ya pili umoja, PIT ni wakati uliopita, na NG7 ni ngeli ya 7. Alama ∅ inaonyesha kwamba kiambishi cha nafsi hakina sauti yoyote.

Ugumu uko kwenye hiyo ∅. Kwa wakati uliopita, "ulisoma" na "alisoma" katika Chimiini zina herufi zilezile. Kinachozitenga ni mkazo, unaosikika kama kupanda kwa sauti. Kwa nafsi ya kwanza na ya pili sauti hupanda kwenye silabi ya mwisho ya kirai: *somele chibuukú*. Kwa nafsi ya tatu hupanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: *somele chibúuku*, "alisoma kitabu". Tazama kwamba mkazo hauko kwenye kitenzi. Umesogea hadi kwenye kitabu. Anayeandika neno moja moja bila kusikiliza kirai kizima hawezi kujua nani alisoma.

Kiswahili hakikuachi ukwepe uamuzi huo, kwa sababu lazima uandike *u-* au *a-*. Mtafsiri anayekisia kwa mtiririko wa hadithi ataandika sentensi iliyonyooka kabisa, na kosa litajificha ndani yake. Kwa hiyo mkazo uandikwe tangu safu ya kwanza, na glosi ijazwe baada ya kusikiliza tena, si kwa kusoma kilichoandikwa. Sikio likisita, kipande hicho kifunguliwe katika Praat, programu inayochora mstari wa kupanda na kushuka kwa sauti.

Kosa la pili huzaliwa siku ya kuunda faili. Anayeanza huzifanya safu zote ziwe huru, kila moja na muda wake. Akija kusogeza mpaka wa usemi, tafsiri hubaki ilipokuwa, na baada ya marekebisho mengi maneno ya sentensi moja yanakaa juu ya sauti ya nyingine. Katika ELAN, safu ya maneno na ya mofimu zipewe aina ya `Symbolic Subdivision`, inayogawa usemi bila kudai muda wa kila kipande. Glosi na tafsiri zipewe `Symbolic Association`, kwa kuwa kila moja huambatana na kitu kimoja tu juu yake. Hapo mzazi akisogea, watoto humfuata. Akifutwa, nao hufutwa, hivyo tunza nakala ya faili kabla ya kusafisha. Wazungumzaji wakiwa wawili, kila mmoja awe na mti wake wa safu, maana watu hukatizana.

Mpangilio huu una kikomo chake: faili haitakuambia neno *chibuukú* lilianza milisekunde ipi, ila usemi mzima tu. Kwa kamusi na sarufi hiyo inatosha. Mtafiti wa fonetiki atalazimika kupima upya maneno anayoyahitaji.

Kabla ya kukabidhi faili kwenye hifadhi, tafuta kila glosi yenye N2U, cheza kila kipande kikiwa peke yake, kisha fanya vivyo hivyo kwa nafsi ya tatu. Pale ambapo mkazo na glosi havikubaliani, rekebisha maandishi ungali na mzee wa kumuuliza.