Kwa nini tao la Salginatobel ni nene penye robo

Daraja la Salginatobel, karibu na kijiji cha Schiers nchini Uswisi, lilikamilika mwaka 1930. Ni tao la zege linalovuka korongo kwa urefu wa mita 90 hivi na kuinuka mita 13. Mhandisi Robert Maillart aliliwekea bawaba tatu: mbili kwenye maegemeo na moja kileleni. Ukilitazama kwa ubavu, tao ni jembamba kwenye bawaba na nene zaidi kwenye robo ya urefu kutoka kila upande. Hesabu inaonyesha sababu.

Tuseme mzigo wa tani 10 umekaa mahali pamoja, mita 22.5 kutoka egemeo la kushoto. Uzito wa daraja lenyewe tuuweke kando. Egemeo la kushoto hubeba tani 7.5 na la kulia tani 2.5, kama ambavyo ingekuwa kwa boriti iliyonyooka.

Lakini tao pia husukuma maegemeo kwenda nje, na mwamba hulisukuma kurudi ndani kwa nguvu ileile. Msukumo huo wa mlalo tutaupata kwenye kilele. Bawaba huacha vipande vizunguke, hivyo momenti ya kupinda hapo ni sifuri. Tukichukua nusu ya kulia, isiyo na mzigo, tani 2.5 zinazoinua umbali wa mita 45 kutoka kileleni hutoa momenti ya tani-mita 112.5. Msukumo, ulio mita 13 chini ya kilele, lazima uifute:

H = 2.5 × 45 / 13 = tani 8.65

Sasa tuangalie chini ya mzigo. Boriti ingepata momenti ya 7.5 × 22.5, yaani tani-mita 168.75. Tukichukulia kwamba tao lina umbo la parabola, kimo chake hapo ni mita 9.75, na msukumo unapunguza 8.65 × 9.75, yaani 84.4. Zinabaki tani-mita 84.4, nusu kamili ya boriti.

Mzigo ukihamia robo ya kulia, robo ya kushoto hupinda kinyume, kwa tani-mita 28.1. Ukifika kileleni, robo zote mbili hupinda kinyume kwa 56.25, ilhali kilele chenyewe hakipindi. Ndiyo maana Maillart aliweka zege nyingi zaidi kwenye robo.

Nafuu hiyo ina gharama yake. Tao lingeinuka mita 6.5 tu, msukumo ungekuwa maradufu, tani 17.3. Egemeo likididimia kidogo, bawaba huzunguka na tao halipati momenti mpya ya maana. Lakini ardhi ikishindwa kuuzuia msukumo, maegemeo hutengana, kilele hushuka, na kadiri kinavyoshuka ndivyo msukumo unavyozidi. Kwa tao la namna hii, mwamba wa pande mbili hupimwa kwanza.