Dawa ya Kikohozi, Dawa ya Panya

Mtu akifika dukani akasema "nipe dawa" kisha akanyamaza, muuzaji hana la kumpa. Anangoja neno lifuatalo: ya kikohozi au ya panya? Neno moja huponya na huua, na maana yake haijulikani mpaka mengine yaje. Hayo nayo yana maana kwa sababu yanatofautiana na mengine. Jacques Derrida, mwanafalsafa aliyezaliwa Aljeria mwaka 1930, aliona kwamba lugha nzima iko hivyo. Kitenzi kimoja cha Kifaransa hubeba "kutofautiana" na "kuahirisha" pamoja, naye akaunda nomino yake kwa kubadili herufi moja tu. Ukiisikia hutambui badiliko, sharti uisome.

Mwaka 1968 alichapisha makala ndefu kuhusu Faidro, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato. Humo Sokrate anasimulia kisa cha Theuthi, mungu wa Misri, anayemletea mfalme Thamusi uvumbuzi wa maandishi na kuuita farmakon ya kumbukumbu. Mfalme anakataa: watu watategemea alama za nje, nao watasahau.

Farmakon ni neno la Kigiriki lenye tiba na sumu ndani yake. Wafasiri wengi wa Ulaya walilazimika kuchagua, wakaandika "tiba" panapozungumza mungu, na utata ukafutika. Sisi tungeandika "dawa" tu, na utata ungebaki palepale.

Derrida hakuchagua. Alilifuata neno katika matini yote. Mwanzoni kabisa, Faidro ameficha chini ya vazi lake hotuba iliyoandikwa, na Sokrate anasema hiyo ndiyo farmakon iliyomtoa nje ya mji. Kwa hiyo anayeyashuku maandishi amekwisha kuvutwa nayo. Mbele zaidi, Sokrate akitaka kuyasifu maneno ya mdomo yaliyo hai, anasema ni yale yaliyoandikwa katika roho ya mwanafunzi. Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Usemi umewekwa juu, maandishi chini, lakini usemi hauwezi kusifiwa bila kukopa jina la maandishi. Ngazi hiyo imetikiswa na maneno ya Plato mwenyewe.

Kazi hiyo ndiyo wahakiki wetu huiita udenguzi. Wanafunzi wa fasihi wengi huielewa vibaya, wakadhani ni ruhusa ya kulipa shairi maana yoyote. Mimi humwuliza mwanafunzi swali moja: neno lililokupeleka huko liko mstari gani? Akishindwa kulionyesha, hajadengua kitu. Na akilionyesha, namwomba aendelee kusoma, kwa sababu huenda neno hilohilo likarudi ukurasa wa mbele na kumnyang'anya jibu lake.