Vigae 14 na 15: Kwa Nini Zawadi ya Dola 1,000 Haikuwahi Kuchukuliwa

Mwanzoni mwa mwaka 1880 Wamarekani walishikwa na wazimu wa kisanduku kidogo cha mbao. Ndani yake mlikuwa na vigae 15 vyenye namba, vimepangwa safu nne, na pengo moja la kigae cha kumi na sita. Mchezaji hakuruhusiwa kuinua kigae. Alisukuma tu kile kilichopakana na pengo, kikaingia pengoni na kuacha pengo jipya nyuma yake. Kazi ilikuwa kuvirudisha vigae katika mfuatano wa 1 hadi 15, pengo likiwa kwenye kona ya chini kulia.

Mchezo huo ulitoka kwa Noyes Chapman, msimamizi wa posta katika mji wa Canastota, jimbo la New York. Lakini jina lililokuja kuvuma zaidi ni la Sam Loyd, mtunzi mashuhuri wa mafumbo, ambaye kuanzia miaka ya 1890 alidai kuwa yeye ndiye aliyeubuni. Dai hilo halikuwa la kweli. Alichofanya Loyd ni kutangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayetatua hali moja tu: vigae vyote viko mahali pake, ila 14 na 15 vimebadilishana. Hela zake hazikuwa hatarini. Tangu mwaka 1879 wanahisabati wawili, Johnson na Story, walikuwa wamekwisha kuonyesha katika jarida la hisabati la Marekani ni hali zipi zinatatulika na zipi hazitatuliki, na hiyo ya 14 na 15 haitatuliki kamwe.

Mtu anawezaje kusema "kamwe" wakati njia za kusukuma vigae hazina mwisho? Hawezi kuzijaribu zote. Anahitaji namna ya kuandika mvurugo wowote kwa ufupi, namna ya kuunganisha mvurugo na mvurugo, na alama moja ambayo misukumo haiwezi kuificha.

Tuanze na uandishi. Chukua vitu sita vilivyo katika nafasi 1 hadi 6, kisha vihamishwe hivi: cha nafasi ya 1 kiende ya 3, cha 2 kiende 5, cha 3 kiende 6, cha 4 kibaki, cha 5 kiende 2, cha 6 kiende 1. Uhamisho wa namna hii, ambao kila nafasi inapata kitu kimoja tu na hakuna kinachopotea, wanahisabati wanauita mpangilio. Tungeweza kuuandika kwa jedwali, lakini jedwali halionyeshi umbo lake. Badala yake tufuate njia: 1 inakwenda 3, 3 inakwenda 6, 6 inarudi 1. Duru imefunga, nasi tunaiandika (1 3 6). Tunachukua namba ndogo ambayo bado haijaguswa, yaani 2: inakwenda 5, na 5 inarudi 2. Hiyo ni duru ya pili, (2 5). Namba 4 iko peke yake, na kwa desturi haiandikwi. Kwa hiyo mpangilio wote, tuuite A, ni

A = (1 3 6)(2 5)

Ndani ya mabano kila namba inakwenda kwa jirani yake wa kulia, na ya mwisho inarudi kwa ya kwanza. Ndiyo maana (1 3 6) na (3 6 1) ni kitu kimoja: tumeanza mahali tofauti kwenye duru ileile. Lakini (1 6 3) ni kitu kingine kabisa, kwa sababu inazunguka upande wa pili.

Sasa tuchukue mpangilio mwingine, B = (1 2)(3 4 6), tuufanye baada ya A. Hatuhitaji kuchora chochote. Tunaifuata namba moja moja ikipita kwanza A, halafu B. Namba 1: A inaipeleka 3, B inaipeleka 3 hadi 4. Basi 1 inaishia 4. Namba 4: A inaiacha palepale, B inaipeleka 6. Namba 6: A inaipeleka 1, B inaipeleka 1 hadi 2. Namba 2: A inaipeleka 5, B haigusi 5. Namba 5: A inaipeleka 2, B inaipeleka 2 hadi 1, tulikoanzia. Iliyobaki ni 3: A inaipeleka 6, na B inairudisha 3. Jumla yake:

A kisha B = (1 4 6 2 5)

Ukigeuza zamu, B kwanza halafu A, unapata (1 5 2 3 4). Hapo 6 ndiyo iliyotulia, si 3. Utaratibu wa zamu ni jambo zito, na ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa, maana vitabu havikubaliani: vingine vinasoma kutoka kushoto, vingine kutoka kulia. Kabla ya kulinganisha jibu lako na la kitabu, angalia kwanza kitabu kinaanzia wapi. Na ukitaka kujikagua, hakikisha kila namba imetokea mara moja tu katika jibu. Ikitokea mara mbili, kuna mahali umekosea njia.

Tumebakiwa na ile alama. Mvurugo mdogo kuliko wote ni badilishano, yaani vitu viwili kupokezana nafasi, kama (14 15). Kila mpangilio unaweza kujengwa kwa mabadilishano, na duru inakuonyesha yanatosha mangapi: duru ya namba mbili inataka moja, ya namba tatu inataka mawili, ya namba tano inataka manne. Daima ni pungufu ya urefu wa duru kwa moja. Kwa A tunapata 2 na 1, jumla 3, ambayo ni witiri. Kwa B tunapata 1 na 2, tena 3, witiri. Muunganiko wao, ile duru ya namba tano, unataka 4, ambayo ni shufwa. Inavyopaswa kuwa: witiri na witiri huzaa shufwa.

Mtu makini atauliza: je, mpangilio uleule hauwezi kujengwa na mwingine kwa mabadilishano mengi zaidi, na hesabu ikatoka witiri badala ya shufwa? Mengi zaidi, ndiyo; kubadilika kutoka shufwa kuwa witiri, hapana. Tazama badilishano moja linavyofanya kazi. Tukichukua (1 4 6 2 5) kisha tukabadilishana 1 na 2, tunapata (1 4 6)(2 5): duru moja imekatika ikawa mbili. Tukirudia badilishano hilohilo, duru hizo mbili zinaungana tena kuwa moja. Hakuna njia ya tatu. Ikiwa namba mbili unazobadilishana zimo katika duru moja, duru inakatika. Zikiwa katika duru mbili, zinaungana. Kwa hiyo kila badilishano linaongeza au kupunguza idadi ya duru kwa moja kamili, ukihesabu pia zile za namba moja zilizotulia. Idadi ya duru ya mpangilio imekwisha kuwekwa na mpangilio wenyewe. Basi hata ukipita njia ndefu kiasi gani, ushufwa au uwitiri wa hatua zako hauwezi kubadilika.

Turudi kwenye kisanduku cha mbao. Lihesabu pengo kama kigae namba 16. Kila msukumo ni badilishano moja kati ya 16 na jirani yake. Sasa zipake nafasi kumi na sita rangi nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, kama ubao wa drafti. Kila msukumo unalitoa pengo kwenye rangi moja na kuliingiza kwenye nyingine. Likianzia kwenye kona na kuishia kwenye kona ileile, limerudi kwenye rangi yake, kwa hiyo misukumo ni shufwa. Basi mpangilio wowote unaofikiwa, pengo likiwa kwenye kona yake, lazima uwe shufwa. Hali ya Loyd ni (14 15), badilishano moja, witiri. Aliyekesha na kisanduku hicho angeweza kukesha miaka mia.

Kipimo hiki hakibagui. Chukua hali hii, ambayo kwa macho inaonekana karibu kumalizika:

```
 5   1   3   8
 6   2   4   7
 9  14  10  12
13  11  15
```

Nafasi zinahesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia, safu baada ya safu. Kila kigae kinatakiwa kwenda nafasi yenye namba yake. Nafasi ya 1 ina kigae 5, nafasi ya 5 ina 6, nafasi ya 6 ina 2, nafasi ya 2 ina 1: duru (1 5 6 2). Vivyo hivyo tunapata (4 8 7) na (10 14 11). Vingine vyote viko kwao. Mabadilishano ni 3, 2 na 2, jumla 7. Witiri: haitatuliki. Angalia mtego uliopo: duru yenye namba nne inataka mabadilishano matatu, kwa hiyo duru ya urefu shufwa ndiyo iliyo witiri. Anayehesabu urefu badala ya mabadilishano atapata 10 na kutangaza kwamba inatatulika.

Kama pengo haliko kwenye kona, liache 16 liingie kwenye duru kama vigae vingine, kisha hesabu hatua za kulifikisha pengo konani, kulia na chini. Hesabu mbili hizo zikiwa zote shufwa au zote witiri, hali inatatulika, zikitofautiana, haitatuliki. Story ndiye aliyekamilisha upande huu: kila hali inayopita kipimo inafikiwa kweli. Pengo likiwa kwenye kona, vigae vinaweza kukaa kwa namna 1,307,674,368,000, na nusu yake kamili ndiyo inayotatulika. Anayetengeneza mchezo huu kwa simu na kuviweka vigae ovyo bila kupima atawapa wachezaji wake fumbo lisilo na jibu mara moja kwa kila mbili. Dawa yake ni nyepesi: hali ikitoka mbaya, badilisha vigae viwili vyovyote, ukiliacha pengo, nayo inakuwa njema.

Kipimo hakikuambii usukume nini kwanza; kinakwambia tu kama inafaa kuanza. Na kina sharti moja: vigae vyote viwe tofauti. Ondoa namba, andika herufi, na maneno ya Kiswahili hayakawii kukupa A mbili. Zikiwepo, hakuna hali isiyotatulika, kwa sababu mpangilio ukitoka witiri, A mbili zikipokezana nafasi unakuwa shufwa, na hakuna jicho litakalotambua ipi ilikuwa ipi.