Kumtambua Mwimbaji kwa Sifa za Sauti Yake

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zinakutana lugha ambazo kwa nasaba ziko mbali sana. Kiiraqw, lugha ya Wairaqw, ni cha jamii ya Kikushi. Lugha ya Wabarabaig ni ya Kiniloti. Kinyiramba ni cha Kibantu. Na Wahadzabe, wakaao upande wa Ziwa Eyasi, wana lugha yao ya pekee yenye sauti za kidoko. Watu hao wote huimba, na wengi wao huimba pia kwa Kiswahili. Kwa hiyo anayeusikia utepe wa zamani usio na jina anaweza kujiuliza: aliyeimba ni nani? Swali hili si la mchezo. Jina likikosewa, ukoo mmoja hupewa sauti ya babu asiye wao, na ukoo mwingine hupokonywa ya kwao.

Aghalabu msikilizaji hujibu kwa maneno kama “sauti nyororo” au “sauti nzito”. Maneno hayo husifu, lakini hayabagui, kwa kuwa waimbaji mia moja wanaweza kuitwa nyororo. Maelezo yanayofaa ni yale yanayoweza kupimwa, au angalau kuhesabiwa. Hapa tutazitazama sifa tatu: lafudhi, mapana ya sauti, na mtikisiko.

Lafudhi yaonyesha alikotoka

Kiiraqw hakina sauti ya z wala ya v. Mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani huweza kutamka “mesa” badala ya “meza”. Aidha, Kiiraqw kina sauti iandikwayo sl, ambayo hutamkwa kwa kupitisha hewa pembeni mwa ulimi. Ndiyo inayoanza neno slufay, yaani maombi na baraka anayoyatamka mzee mmoja huku wenzake wakiitikia. Lakini sauti za pembeni mwa ulimi zimo pia katika Kihadza. Kwa hiyo sauti hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba mwimbaji ni Mwiraqw. Vidoko vikisikika katika maneno ya kawaida ya wimbo, dhana huelekea kwa Wahadzabe.

Hata hivyo, lafudhi ni ya kundi zima. Hutuonyesha kijiji, haituonyeshi mlango wa nyumba. Tena aliyesoma shule huweza kutamka z sawasawa, na mgeni aliyekulia Mbulu huweza kuiga lafudhi ya wenyeji.

Mapana ya sauti yaonyesha asiyehusika

Kimo cha sauti hupimwa kwa idadi ya mitetemo ya nyuzi za koo kwa sekunde moja, na kipimo chake huitwa hezi. Mwanamume anapozungumza, nyuzi hizo hutetemeka kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde. Mwanamke kama mara 200. Mitetemo ikizidishwa mara mbili, sauti hupanda oktava moja. Oktava hugawanywa katika nusu-toni 12, na kila nusu-toni huongeza takriban asilimia 6.

Hapa kuna kosa linalowapata wengi. Wimbo mmoja hauonyeshi mapana yote ya mwimbaji, bali yale tu aliyoyatumia siku ile. Asiyepanda juu katika wimbo huu huenda akapanda katika mwingine. Lakini wimbo ukishuka mpaka kimo fulani, yule ambaye hajawahi kushuka hata karibu na hapo anapungukiwa na uwezekano wa kuwa ndiye. Hivyo mapana ya sauti hufaa zaidi kuwaondoa watu katika orodha kuliko kumchagua mmoja.

Mtikisiko wakaribia mtu mwenyewe

Mwimbaji anapoishika noti ndefu, mara nyingi sauti hupanda na kushuka kidogo kwa mpigo. Waimbaji wengi waliozoea huutikisa mpigo huo kama mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Mambo matatu yaandikwe: kasi ya mpigo, kina chake, na mahali unapoanza. Mwingine huutikisa mwanzo wa noti, mwingine huishika noti imara kwanza kisha huiachia mwishoni. Tabia hii ya mwisho huwa imara sana, kwa kuwa mwimbaji mwenyewe mara nyingi hajui kwamba anaifanya. Uzee, lakini, hupunguza kasi ya mpigo na kuongeza kina chake. Kwa hiyo nyimbo zinazolinganishwa ziwe za miaka iliyokaribiana.

Mfano

Tuseme shule moja ya Katesh ina utepe usio na jina. Mwanamume anaongoza wimbo wa Kiswahili na wenzake wanaitikia. Anatamka s mahali pa z. Noti yake ya chini kabisa ni hezi 110, ya juu kabisa ni hezi 330. Noti moja ya sekunde 2.5 ina mipigo 16. Ikichezwa kwa nusu ya kasi, huchukua sekunde 5 na mipigo huhesabika kwa sikio. Basi kasi ni 16 kugawanya kwa 2.5, yaani mara 6.4 kwa sekunde, na mtikisiko waanza katika nusu ya pili ya noti.

Kabla ya kutaja jina, utepe wenyewe uchunguzwe. Betri ikiwa dhaifu wakati wa kurekodi, utepe huenda polepole. Ukichezwa baadaye kwa kasi kamili, kila kitu hupanda. Katika utepe wetu husikika mvumo wa umeme. Umeme wa Tanzania huvuma kwa hezi 50, lakini hapa mvumo ni hezi 53. Basi vipimo vyote vizidishwe kwa 50 na kugawanywa kwa 53. Noti ya chini yawa hezi 104, ya juu 311, na mtikisiko mara 6.0. Uwiano wa noti ya juu kwa ya chini umebaki 3, kwani kosa la kasi haliugusi. Tahadhari: mvumo ulioingia wakati wa kunakili hausemi lolote juu ya siku ya kurekodi.

Wanaodhaniwa ni watatu, na nyimbo zao nyingine zipo. Wa kwanza hajashuka chini ya hezi 130 katika wimbo wowote. Kutoka hapo hadi 104 ni karibu nusu-toni 4. Mafua huweza kuishusha sauti, lakini umbali huo ni mkubwa, basi awekwe mwisho. Wa pili hushuka vya kutosha, ila huutikisa mwanzo wa noti, mara 5.2 kwa sekunde, na hutamka z bila shida. Wa tatu hutamka s, hushuka hadi 100, na huutikisa nusu ya pili, mara 6.0. Kama utepe usingesahihishwa, kipimo cha 6.4 kingetutia shaka juu yake bila sababu.

Je, ndiye? Yaelekea ndiye. Lakini mwanafunzi humwiga mwalimu wake, na ndugu hufanana sauti. Zanzibar, Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba nyimbo za Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928. Anayetambua kwa wimbo tu angewachanganya. Kwa hiyo juu ya utepe wa Katesh yaandikwe “yadhaniwa kuwa”, pamoja na vipimo vyote, kisha wachezewe wazee waliomjua bila kuambiwa jina kwanza. Ukilitaja jina kabla, wengi watalisikia hilo hilo.