Sifuri na nafasi tupu si kitu kimoja: maelezo kwa yule anayeshika faili nyuma yangu

Wenzangu wa chama, wengi wetu tukipata kazi tunakuta faili ya Excel ambayo mtu mwingine alitengeneza, na yeye ameshaondoka. Njo ilinipata mimi kwenye biro ya zoni ya afya, huku Kivu ya Kusini. Sasa nami ninaiachia mwenzangu. Haya njo maelezo niliyomwandikia.

Ndugu yangu, faili hii iko na kazi moja: kukusanya matumizi ya ASAQ, dawa ya malaria, kutoka vituo vyetu 14, na kutoa hesabu ya dawa tutakayoagiza. Iko na kurasa 4. LISTE iko na majina ya vituo na kodi zao, CS01 mpaka CS14. SAISIE njo ukurasa wa kuandika kila mwezi: mstari mmoja kwa kituo kimoja kwa mwezi mmoja. Safu A ni kodi, safu C ni mwezi, safu F ni idadi ya watoto wa mwaka 1 mpaka 5 waliopewa dawa. CONTROLE inaonyesha fishi gani zimeingia. COMMANDE inafanya wastani wa miezi 3, halafu inatoa oda.

Fishi zinafika kwetu mpaka tarehe 5, zingine kwa karatasi, zingine kwa picha ya Watsapu. Andika kodi, usiandike jina, juu jina la kituo kimoja watu wanaliandika namna tatu, na Excel inayaona kama vituo vitatu. Mwezi uuandike kama tarehe, `01/03/2025`. Ukiandika `mars`, mstari ule hautahesabiwa.

Ukimaliza, usikimbilie oda. Fungua CONTROLE kwanza. Kila nafasi inahesabu mistari ya kituo kwa mwezi ule, ile tu ambayo safu F yake haiko tupu:

```
=NB.SI.ENS(SAISIE!$A:$A;$A5;SAISIE!$C:$C;D$2;SAISIE!$F:$F;"<>")
```

Ukiona 1, ni sawa. Ukiona 2, fishi moja imeandikwa mara mbili, futa mmoja. Ukiona 0, hatuna habari ya kituo kile: piga simu kwa muuguzi mkuu. Akisema hakuna mtoto aliyepewa dawa, andika `0`. Kama fishi yenyewe haijafika, acha tupu. Usijaze sifuri ili ukurasa uonekane umekamilika.

Sababu ni hii. Zamani COMMANDE ilitumia `SOMME.SI.ENS` peke yake. Fomula hiyo isipokuta mstari, haikuambii kama kuna kitu kinakosekana. Inatoa 0, kimya kimya. Tuchukue CS09: mwezi wa kwanza walitoa dawa kwa watoto 120, mwezi wa pili mvua ilikata barabara na fishi haikufika, mwezi wa tatu watoto 130. Faili ya zamani inagawanya 250 kwa 3, inapata 83, na kwa miezi 3 inaona haja ya 250. Lakini miezi tunayoijua ni 2 tu: wastani ni 125, na haja ni 375. Stoki iliyobaki utaitoa kwa hesabu yote mbili, kwa hiyo tofauti inabaki ileile: watoto 125 watakuja na homa na kukuta kabati tupu. Njo maana fomula ya sasa iko hivi:

```
=SI(CONTROLE!D5=0;"";SOMME.SI.ENS(SAISIE!$F:$F;SAISIE!$A:$A;$A5;SAISIE!$C:$C;D$2))
```

`MOYENNE` inaruka nafasi ile tupu, lakini sifuri ya kweli inaihesabu. Usiguse zile `""`.

Kuna jambo moja faili haiwezi kulijua. Kituo kikikosa dawa siku 15 kwa mwezi wa siku 30, na kimetoa 60, ile 60 si haja ya watu. Ni dawa iliyokuwepo tu. Haja iko karibu na 120. Siku za kukosa dawa ziko kwenye safu G. Zikiwa nyingi, sahihisha oda kwa mkono, na andika sababu pembeni, juu mkubwa wa zoni atakuuliza.

Mwishoni linganisha jumla ya safu F kwa mwezi ule na ile iliyoingizwa kwenye DHIS2. Zikitofautiana, rudia kwa fishi za karatasi, kituo kwa kituo. Usirekebishe jumla peke yake. Halafu hifadhi kopi yenye mwaka na mwezi kwenye jina lake, mbele ya kuanza mwezi mwingine. Fishi ikichelewa na kufika mwezi unaofuata, iandike kwenye mwezi wake, si kwenye mwezi iliofika.